Rally, slump, bullish: jinsi ya kusoma vichwa vya habari za masoko kwa Kiingereza bila kupotoka

Kijana mmoja ninayemsaidia Kiingereza aliniletea daftari lake. Juu ya ukurasa alikuwa amenakili kichwa cha habari, "Stocks rally after week-long slump", na chini yake tafsiri aliyoihangaikia jioni nzima: "Bidhaa za ghalani zafanya mkutano wa hadhara baada ya kuinamia chini wiki nzima."

Kamusi haikumdanganya. Stocks ni akiba ya ghalani, rally ni mkutano wa hadhara, na slump ni kujiachia kama mtu aliyezidiwa na uchovu. Ila kwenye ukurasa wa fedha maneno hayo yana kazi nyingine, na kichwa kile kinasema tu: hisa zimepanda baada ya kushuka wiki nzima.

Kosa hilo ni rahisi kulirekebisha. Lililo gumu zaidi, na ninaloliona kila mara, ni la msomaji aliyekwisha kujua kwamba rally ni kupanda na slump ni kushuka, halafu bado anakosea habari. Anadhani rally maana yake hasara imefidiwa. Anadhani bullish ni tukio lililotokea. Anaona neno losses na kuandika kuwa siku ilikuwa ya kuzidi kushuka, kumbe soko lilikuwa linajinasua. Mwongozo huu ni kwa ajili yake.

## Utakachohitaji

Chukua vichwa vitano vya habari za siku moja kuhusu soko moja, pamoja na aya mbili za kwanza za kila habari. Usichukue vichwa peke yake, kwa sababu namba zinazokwambia ukubwa wa jambo mara nyingi hukaa kwenye aya hizo.

Tayarisha daftari lenye safu nne: kitu, mwendo, kiasi, sababu. Kikokotoo cha simu kinatosha kwa hesabu. Kamusi weka kando kwanza. Ukiifungua kabla ya hatua ya 3, itakurudisha kwenye mkutano wa hadhara.

Vichwa ninavyovitumia humu nimevitunga kwa mtindo wa vyumba vya habari. Namba za Machi 2020 kwenye hatua ya mwisho ni za kweli.

## Hatua ya 1: Tambua kinachopimwa

Kabla ya kuuliza kimepanda au kimeshuka, uliza ni kitu gani. Stocks, shares na equities zote kwa kawaida ni hisa. Bonds ni hatifungani. Crude ni mafuta ghafi. Hayo hayana shida. Shida iko sehemu tatu.

Ya kwanza ni "oil stocks". Inaweza kuwa hisa za kampuni za mafuta, na inaweza kuwa mafuta yenyewe yaliyohifadhiwa kwenye matangi. Tazama aya ya kwanza: ukiona mapipa, ni matangi; ukiona majina ya kampuni, ni hisa. Ukichanganya hapa, habari nzima itageuka, kwa sababu matangi yakijaa bei ya mafuta huelekea kushuka.

Ya pili ni inflation, yaani mfumuko wa bei. Kichwa "Inflation falls to 3% from 5%" hakisemi kwamba bei zimeshuka. Bei bado zinapanda, ila mwendo wake umepungua. Kilichoshuka ni kasi. Hapa wasomaji huanguka kwa wingi kuliko popote, kwa hiyo mbele ya neno inflation andika daima "kasi ya bei kupanda", kisha usome upya.

Ya tatu ni yields, yaani mapato ya hatifungani kwa asilimia. Kichwa "Bonds rally, yields slump" kinaonekana kama habari mbili zinazopingana, kumbe ni habari moja iliyosemwa mara mbili. Chukua hatifungani inayolipa 5 kila mwaka. Ukiinunua kwa 100, unapata asilimia 5. Wanunuzi wakiigombania hadi ikafika 125, malipo ni yale yale 5, na 5 juu ya 125 ni asilimia 4. Hesabu hii ni ya kurahisisha, haigusi muda wa hatifungani kuiva, lakini mwelekeo wake ni sahihi: bei ya hatifungani ikipanda, yield hushuka.

Hatua hii imekamilika ukiweza kujaza pengo hili bila kusita: "Kilichopanda au kushuka ni ____."

## Hatua ya 2: Tafuta kitenzi, kisha wakati wake

Rally na slump kila moja inaweza kuwa jina au kitenzi, na mara nyingi kinachozitofautisha ni herufi moja. Tazama:

"Stocks rally"

"Stock rally fades"

Katika kichwa cha kwanza herufi s iko kwenye Stocks, na rally ni kitenzi: hisa zapanda. Katika cha pili s imeondoka kwenye Stock na kuhamia kwenye fades. Sasa fades ndicho kitenzi, na "stock rally" ni kifurushi kimoja cha jina: mpando wa hisa wafifia. Vivyo hivyo, "Gold slumps" ni dhahabu yaporomoka, ilhali ukiona "Gold slump", jua kuwa ni mporomoko wa dhahabu, na tafuta kitenzi mbele yake.

Vifurushi virefu vinasomeka kirahisi kwetu kwa sababu mpangilio wake ni wa Kiswahili uliogeuzwa. Soma kutoka nyuma kwenda mbele. Katika "Oil price slump hits energy shares", kitenzi ni hits. Kabla yake, kutoka nyuma: mporomoko, wa bei, ya mafuta. Baada yake, pia kutoka nyuma: hisa, za kampuni za nishati. Unganisha: mporomoko wa bei ya mafuta waziathiri hisa za kampuni za nishati.

Sasa wakati. Vichwa vya Kiingereza hutumia umbo la wakati uliopo kwa jambo ambalo limekwisha kutokea, kama sisi tunavyoandika "Rais afungua mkutano" wakati mkutano ulifunguliwa jana. Kwa hiyo "Stocks slump" kwa kawaida ni hisa zimeporomoka. Jambo lijalo hutambulishwa na to, kama katika "Bank to cut rates", benki itapunguza riba. Ukikuta seen au set to, hayo ni matarajio: "Growth seen slowing" ni ukuaji unatarajiwa kupungua. Usiandike matarajio kama tukio.

Onyo: usitafsiri chochote kabla ya kuzungushia kitenzi duara. Ukiona huna kitenzi hata kimoja, au unavyo viwili vinavyogombana bila kiunganishi wala koma kati yao, umeshika jina ukidhani ni kitenzi.

## Hatua ya 3: Pima nguvu ya neno

Waandishi wa masoko hawapendi kurudia rise na fall, na zaidi ya hapo kila neno wanalolichagua hubeba uzito wake.

Kwa upande wa kupanda, edge up, inch up na tick up ni kupanda kidogo sana. Rise, climb, gain na advance ni kupanda kwa kawaida. Jump, surge na soar ni kupanda kwa kishindo. Kwa upande wa kushuka, edge down, slip, dip na ease ni kidogo. Fall, drop na decline ni kawaida. Tumble, plunge na plummet ni kuporomoka.

Rally na slump hazikai sawasawa kwenye ngazi hizo, na ndiyo sababu zinasumbua. Rally ina picha ya mwendo ndani yake: kupanda kunakoendelea kwa muda, au kupanda kunakofuata kipindi cha kushuka. Hisa ikiongezeka asilimia 0.2 baada ya siku tulivu, mwandishi makini hasemi rally. Slump nayo ni kushuka kwa kina, na mara nyingi kwa kukaa huko chini. Ikiambatana na mauzo, ujenzi au uchumi, kama "sales slump", karibu kila mara ni hali ya miezi. Ikiambatana na hisa na namba ya siku moja, kama "Shares slump 8%", ni kuporomoka kwa siku hiyo.

Hakuna mamlaka iliyoweka kipimo cha maneno haya. Asilimia 2 kwa siku ni mwendo mkubwa kwa sarafu kubwa za dunia, na ni jambo la kawaida kwa hisa ya kampuni moja ndogo. Kwa hiyo neno lisikutishe wala kukufurahisha kabla hujaona namba.

Yako machache yenye kipimo kinachokubalika kwa mazoea. Correction ni kushuka kwa angalau asilimia 10 kutoka kilele cha karibuni. Bear market ni kushuka kwa asilimia 20 au zaidi. Bull market kwa kawaida huhesabiwa kutoka upande wa pili, kupanda asilimia 20 kutoka chini kabisa. Haya yaandike nyuma ya jalada la daftari.

## Hatua ya 4: Angalia neno linalopindua maana

Hapa ndipo wanafunzi wangu wazuri huangukia. Chukua siku hii: soko limefunguliwa na kushuka asilimia 3, mchana likapata nafuu, na lilipofungwa lilikuwa chini kwa asilimia 1. Kichwa kitasema:

"Stocks pare losses"

Mmoja akisoma losses ataandika hisa zimezidi kushuka. Mwingine akisikia kwamba pare ni kupunguza ataandika hisa zimepanda. Wote wawili wamekosea. Pare ni kumenya, kuondoa maganda. Hasara imemenywa ikawa ndogo, lakini ipo. Siku hiyo hisa zimeshuka, ila kwa kiasi kidogo kuliko ilivyokuwa asubuhi. Trim losses ni hivyo hivyo. Kama hasara yote ingefutika, wangeandika erase losses.

Geuza upande sasa. "Stocks pare gains" ni siku ambayo hisa zimepanda, lakini sehemu ya ongezeko la asubuhi imepotea. Kanuni ninayowapa ni kusoma neno la mwisho kwanza, kwa kuwa ndilo linalokwambia siku iliisha upande gani. Losses: wako chini. Gains: wako juu. Kisha pare inakwambia kwamba mwishoni walirudi nyuma kidogo kuelekea walikoanzia.

Slump na rally nazo hupinduliwa kwa namna hii. "Sales slump eases" maana yake mauzo bado yanashuka, kwa kasi ndogo zaidi. "Sales slump deepens", yanashuka kwa kasi zaidi. "Rally stalls" ni mpando umesimama, na kusimama siyo kuanguka. "Rally fades" ni mpando umeanza kuyeyuka.

Utajua umefaulu ukiweza kuchora mstari wa siku hiyo kwenye karatasi: umeanzia wapi, umefika wapi, umeishia wapi. Ukishindwa kuuchora, hujakielewa kichwa bado, hata kama kila neno unalijua.

## Hatua ya 5: Tenga tukio na maoni

Rally na slump ni mambo yaliyotokea sokoni, unaweza kuyapima. Bullish na bearish ni yale mtu anayoyaamini kuhusu kesho. Ukitaka kukumbuka upande wake, bull ni fahali, naye hurusha pembe juu, na bear ni dubu, naye hukandamiza kwa kucha kwenda chini.

"Gold rallies 3%" inasema bei ya dhahabu imepanda asilimia 3. "Bank bullish on gold" inasema benki inaamini bei ya dhahabu itapanda, na inawezekana kabisa kuwa leo imeshuka. Hizi ziandike kwenye kurasa mbili tofauti za daftari. Nimeona watu wazima, wenye akili timamu, wakisoma bullish na kutangaza kwamba kitu kimepanda bei.

Ukiona bullish, jiulize nani. Katika "Analysts turn bullish", mwenye maoni ni wachambuzi, na turn inakwambia kwamba zamani hawakuwa hivyo. Halafu jiulize juu ya nini na kwa muda gani, kwani mtu anaweza kuwa bullish kwa mwaka ujao na bearish kwa wiki hii. Kama habari haitaji muda, acha nafasi hiyo wazi kwenye daftari, usiijaze kwa kukisia. Kumbuka pia kwamba anayetabiri kupanda huenda tayari anamiliki kitu hicho. Habari nyingi hulitaja hilo chini kabisa.

## Hatua ya 6: Shika sababu, na ujue ni sababu ya nani

Neno dogo on kwenye vichwa hivi linamaanisha kutokana na. "Oil rallies on supply cut hopes": mafuta yapanda kutokana na matumaini ya kupunguzwa kwa uzalishaji. Soma tena neno hopes. Uzalishaji haujapunguzwa. Fears hufanya kazi ile ile upande wa hofu. Ukikuta hopes, fears au bets, andika "bado haijatokea" kwenye safu ya sababu.

As na after hukaa katikati ya matukio mawili na mara nyingi huyaunganisha kama kisa na matokeo. Amid ni legevu zaidi, inasema tu haya yametokea wakati wa haya. Despite ni "licha ya", na kila ninapoiona husimama, kwa sababu inanieleza kwamba soko limefanya kinyume cha lililotarajiwa.

Sababu kwenye kichwa ni maelezo ya mwandishi baada ya kuzungumza na watu wa soko. Mamilioni ya wanunuzi na wauzaji hawakujaza fomu ya kueleza kwa nini. Namba iamini zaidi kuliko sababu.

## Hatua ya 7: Rudi kwenye namba

Sasa tuzipitishe hatua zote kwenye kisa kimoja. Kitu ni fahirisi ya S&P 500, inayofuata hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani. Mwezi ni Machi 2020, dunia ikiingia kwenye janga la korona.

Jumatano tarehe 11 fahirisi ilifunga kwenye 2,741. Alhamisi tarehe 12 ikaanguka asilimia 9.5 hadi 2,481. Kiwango hicho kilikuwa zaidi ya asilimia 20 chini ya kilele cha 3,386 kilichofikiwa tarehe 19 Februari, kwa hiyo ilikuwa imeingia bear market. Ijumaa tarehe 13 ikapanda asilimia 9.3 hadi 2,711. Jumatatu tarehe 16 ikaanguka karibu asilimia 12 hadi 2,386.

Andika vichwa vyake: "Stocks plunge", "Stocks rally", "Stocks plunge". Msomaji aliyeona cha Ijumaa peke yake, tena chenye kupanda kwa asilimia 9.3, angedhani mambo yametulia. Toa hesabu. Alhamisi zilipotea pointi kama 260. Ijumaa zilirudi 230. Asilimia zinakaribiana, lakini ya Ijumaa ilihesabiwa juu ya msingi mdogo, kwa hiyo hata rally kubwa kama ile haikuirudisha fahirisi ilipokuwa Jumatano. Na Jumatatu ikashuka chini ya kiwango cha Alhamisi. Kupanda kwa namna hiyo ndani ya kipindi cha kushuka kuna jina lake, bear market rally.

Neno despite nalo lilikuwa na kazi Jumatatu ile. Jumapili tarehe 15 benki kuu ya Marekani, ambayo vichwa huiita Fed, ilishusha riba yake hadi kati ya 0 na asilimia 0.25. Kwa kawaida riba ikishuka, hisa hupata nguvu. Zilianguka. "Stocks plunge despite Fed rate cut" ni kichwa kifupi, lakini kinakwambia kwamba hofu ilikuwa kubwa kuliko dawa.

Fahirisi ilifika chini kabisa tarehe 23 Machi, ikafunga kwenye 2,237. Kutoka kilele cha Februari hiyo ni anguko la karibu asilimia 34. Sasa piga hesabu ya kurudi: kutoka 2,237 hadi 3,386 zinahitajika asilimia 51. Kwa hiyo ukikuta "Stocks rally 20% from March low", kabla ya kuandika kwamba soko limepona, tafuta kilele kiko wapi, kisha gawanya. Asilimia 20 juu ya 2,237 inakufikisha 2,684 tu, na safari ya kufika 3,386 bado ni ndefu.

Rekodi mpya ya kufunga ilipatikana tarehe 18 Agosti 2020. Siku hiyo fahirisi ilikizidi kilele cha Februari kwa pointi zisizofika 4.